Slaidi Ishirini, Swali Moja

Ndugu waandaaji, na ninyi wenzangu mtakaopanda jukwaani, hamjambo. Nimeombwa nieleze namna ya kupanga mazungumzo ya pecha kucha. Habari ya kuondoa woga na namna ya kusimama mbele ya watu sitaigusa, hayo yana walimu wake. Nataka tushughulike na jambo moja ambalo ndilo huwaangusha wengi: kuzifanya slaidi ishirini zisimulie kitu kimoja.

Kanuni mnazijua. Slaidi ni 20, kila moja inakaa sekunde 20, na zinabadilika zenyewe bila msemaji kugusa kitu. Jumla ni sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Mtindo huu ulianzia Tokyo mwaka 2003, ukianzishwa na wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, waliokuwa wakitafuta njia ya kuwapa wabunifu wengi nafasi ya kuonyesha kazi zao kwa usiku mmoja, bila yeyote kung'ang'ania maikrofoni. Anayewajua wasanifu majengo anaelewa kwa nini ilibidi mashine ndiyo iwanyamazishe. Upo pia mtindo wa Ignite, ulioanzia Seattle mwaka 2006, wenye slaidi 20 za sekunde 15, yaani dakika 5 kamili. Nitakayosema leo yanaufaa huo pia, mradi upunguze maneno kwa robo.

Tatizo la mtindo huu liko palepale penye uzuri wake. Muda umegawanywa sawasawa, lakini mawazo hayagawanyiki hivyo. Lipo wazo linalotosha kusemwa kwa sekunde 8, na lipo linalodai dakika nzima na nusu. Mtu asipoliona hilo mapema, anafanya kile ambacho karibu kila mgeni wa mtindo huu hufanya: anachukua mada yake, anaikata vipande ishirini, kila kipande anakipa slaidi. Kinachotoka ni orodha ya mambo ishirini yenye uzito sawa. Msikilizaji anaanza vizuri, akifika la sita anapoteza uzi, na akifika la kumi na tano anahesabu zimebaki ngapi. Si kosa lake. Hakuna kilichomfanya atake kujua linalofuata.

Kwa hiyo msifungue kompyuta kwanza. Chukueni karatasi, muandike swali moja na jibu lake, kila kimoja kwa sentensi moja. Nasema swali, kwa sababu mada haitoshi. "Madaraja ya waenda kwa miguu" ni mada, na mtu anaweza kuizungumzia mpaka kesho. "Kwa nini daraja jipya, lililojengwa kwa kufuata kanuni zote, lilianza kuyumba siku ileile lilipofunguliwa?" Hilo ni swali. Lina mwanzo, lina fumbo, na linatuambia mapema kipi hakihusiki. Historia ya madaraja haihusiki. Aina za nyaya hazihusiki. Wasifu wa msemaji hauhusiki hata kidogo.

Nitaendelea na daraja hilo, maana ni la kweli na kisa chake kinaingia vizuri ndani ya sekunde 400. Ni Daraja la Milenia la London, la waenda kwa miguu, lililofunguliwa tarehe 10 Juni 2000. Maelfu ya watu walilipanda siku hiyo, likaanza kuyumba upande kwa upande. Tarehe 12 Juni likafungwa, na halikufunguliwa tena mpaka Februari 2002. Jibu la swali letu, kwa sentensi moja, ni hili: mtikiso mdogo wa kando uliwafanya watembeaji wabadili hatua zao ziende na mwendo wa daraja, na hatua hizo zikaliongezea mtikiso.

Mkishakuwa na swali na jibu, kazi inayobaki ni kuamua njia ya kutoka huku kwenda kule. Hapo ndipo uzi wa hadithi unapopatikana au unapokosekana. Andika hatua za hadithi moja chini ya nyingine, kisha utazame ni neno gani linaunganisha hatua mbili. Kila penye "halafu", shuku. Kila penye "lakini" au "kwa hiyo", uko njiani. "Daraja lilifunguliwa, halafu lilikuwa na urefu wa meta 325, halafu lilibuniwa na fulani": hizo ni habari tatu zilizokaa foleni. Sasa sikilizeni hii: "Daraja lilifuata kanuni, lakini liliyumba. Wahandisi walijua kwamba nyayo za watu hutikisa madaraja, lakini walizoea kuogopa mtikiso wa juu na chini, na hili lilienda kando. Kwa hiyo ikabidi watafute nguvu ambayo kanuni hazikuwa zimeihesabu." Hapo mtu hawezi kuondoka katikati. Urefu wa daraja unaweza kuingia, lakini utangoja mpaka hadithi iuhitaji, na isipouhitaji ubaki nje.

Sasa tugawe. Wengi hugawa kwa slaidi. Mimi nawaomba mgawe kwa mafungu, na mafungu hayo yasilingane. Hadithi ya daraja naiona na mafungu sita: tukio, washukiwa, chanzo, jaribio, tiba, na kilichobaki baada ya tiba. Kama kila fungu lingepata sehemu sawa, lingepata slaidi tatu na kidogo. Lakini fungu la chanzo ndilo gumu kueleweka na ndilo tamu, kwa hiyo nalipa slaidi tano. Mengine yote yanapata tatu tatu. Tano na mara tano ya tatu: ishirini kamili.

Slaidi ya kwanza haina jina la mada wala jina la msemaji. Nasisitiza hapa, maana kila usiku wa pecha kucha lazima atokee mtu mwenye slaidi ya kwanza yenye jina lake, na slaidi ya mwisho yenye "Asanteni kwa kunisikiliza". Ameshatupa sekunde 40, sehemu ya kumi ya muda wake wote, kwa mambo ambayo mshereheshaji ameyasema na makofi yatayasema. Slaidi yangu ya kwanza ni picha ya watu darajani, na sentensi yangu ya kwanza inaanzia katikati ya tukio: "Ni Juni 10, mwaka 2000, na watu hawa wanashika vyuma vya pembeni kwa sababu daraja limeanza kwenda nao." Slaidi ya pili ni miguu tu, imetanuliwa kama ya mtu aliye ndani ya mashua. Ya tatu ni lango limefungwa, na hapo nalitamka swali wazi, neno kwa neno, kama nilivyoliandika kwenye karatasi. Ikifika sekunde ya 60, kila mtu ukumbini anajua tunatafuta nini. Msemaji ambaye swali lake halijatamkwa kufikia slaidi ya nne, aijue hiyo kuwa dalili: bado anajitambulisha.

Slaidi ya nne, ya tano na ya sita ni za washukiwa. Uzito wa watu? Hapana, daraja halikuwa karibu na kuvunjika. Hatua zao, zile zinazogonga chini? Wahandisi walikuwa wamezihesabu. Kisha ya sita: lakini mtikiso huu haukwenda juu na chini, ulikwenda kushoto na kulia. Tazameni fungu hili linafanya kazi gani. Halitoi jibu lolote, linaondoa majibu ambayo msikilizaji alikuwa ameshajipa kimoyomoyo. Msipoyaondoa, ataendelea kuyashikilia na hatasikia jibu lenu likifika.

Sasa fungu la chanzo, slaidi ya 7 mpaka ya 11, na hapa nitakaa kidogo. Jambo la kueleza lina vipande vinne vinavyotegemeana. Kwanza, mtu anapotembea, uzito wake huhama mguu hadi mguu, kwa hiyo kila hatua inasukuma kidogo kando. Pili, kwa hatua karibu mbili kwa sekunde, msukumo huo unakwenda kushoto na kurudi mara moja hivi kwa sekunde. Tatu, daraja lenyewe, jembamba na lenye nyaya za chini, lilikuwa na mwendo wake wa asili wa kwenda kando uliokaribiana na huo. Nne, mtu akihisi sakafu inakwenda kando, hutanua miguu na kufuata mwendo wake, na hapo anaisukuma kwa wakati uleule inaopenda kusukumwa. Duara limefungwa: mtikiso unaleta hatua, hatua zinaleta mtikiso.

Mtu wa orodha angetafuta picha tano tofauti. Mimi ningetumia mchoro mmoja tu, uliochorwa kwa mkono, unaokua slaidi baada ya slaidi. Kwenye slaidi ya 7 kuna mtu mmoja na mshale mdogo wa kando. Ya 8, mtu yuleyule, mshale unaelekea upande wa pili. Ya 9, chini yake unaongezeka mstari wa daraja wenye mshale wake. Ya 10, miguu imetanuka na mishale miwili imelingana. Ya 11, umati mzima. Jicho la msikilizaji halianzi upya kila sekunde 20. Linaona kilichoongezeka tu, na sikio linapata nafasi ya kufuata hoja. Slaidi 20 hazimaanishi picha 20 ngeni. Mnaweza hata kurudia picha ileile mara mbili na kupata sekunde 40 za utulivu juu yake. Ila waulizeni waandaaji wenu kwanza, wapo wasiopenda marudio.

Mtanishangaa kwamba jibu limetoka kwenye slaidi ya 11, kabla hata ya robo ya mwisho. Ni kwa makusudi. Msemaji anayelificha jibu mpaka slaidi ya 19 anajikuta hana muda wa kulithibitisha, na wasikilizaji wanatoka na dai lisilo na miguu. Jibu likitoka katikati, linazaa swali la pili lenye nguvu ileile: umejuaje? Hilo ndilo fungu la jaribio, 12 mpaka 14. Wahandisi waliwapandisha watu darajani kwa makundi yanayoongezeka, wakapima. Slaidi ya 12: watu wachache, hakuna kitu. Slaidi ya 13: watu wengi zaidi, bado hakuna kitu. Ya 14: walipofika karibu 160, mtikiso ulipanda ghafla. Ile slaidi ya 13 inaonekana kama haina kazi, na mtu mwenye haraka angeifuta. Lakini ndiyo inayobeba hoja yote. Kama mtikiso ungekua kidogo kidogo kadiri watu walivyoongezeka, lingekuwa suala la uzito tu. Kuruka kwake ghafla ndiko kunakoonyesha kwamba kuna idadi ambayo watu wakiifikia, daraja linaanza kuwapangia hatua.

Ya 15 mpaka 17 ni tiba, na mimi ningepita haraka. Wangeweza kulikaza daraja, lakini lingepoteza umbo lake jembamba. Kwa hiyo waliweka vifaa vya kunyonya mtikiso, baadhi yake 37 vya aina ileile ya shokomzoba za magari, zenye kimiminika ndani. Ya 18 mpaka 20: lilifunguliwa tena Februari 2002, na tangu hapo mhandisi wa daraja la miguu anajiuliza swali la ziada, watu wangapi wakikutana juu yake litaanza kwenda kando. Picha ya mwisho ni miguu inayotembea kawaida.

Huo ndio mfupa. Nyama yake ni maneno, na hapa kuna hesabu ambayo vitabu vya ushauri vya Kiingereza huwapotosha wenzetu. Vinasema slaidi moja inabeba maneno 50 hivi. Kiswahili hakiendi hivyo. Neno letu moja linabeba mtendaji, wakati, mtendewa na kitendo. "Hawakulitarajia" ni neno moja lenye silabi nane. Kwa kasi ya jukwaani, isiyo ya mtu anayefukuzwa, sekunde 20 zinabeba maneno 35, pengine 40. Mimi huandika 30, kwa sababu nataka sekunde tatu au nne za ukimya mwishoni mwa slaidi. Msiniamini mimi kuhusu idadi hiyo, pimeni sauti zenu: someni kwa sauti ya kawaida maandishi yenu yoyote kwa dakika moja, mhesabu maneno, mgawe kwa tatu, kisha mpunguze matano. Hiyo ndiyo ruzuku yenu kwa kila slaidi.

Kwa nini kupunguza? Kwa sababu kuchelewa kwenye pecha kucha hakufutiki kwenyewe. Ukizidisha sekunde tatu tu kwa kila slaidi, ukifika mwisho wa ya saba uko nyuma kwa sekunde 21. Maana yake unaeleza mishale ya kando huku nyuma yako mchoro umeshapiga hatua mbele. Slaidi ni basi lisilongoja abiria, na mtu anayelikimbilia huonekana na kila aliye kituoni. Dalili zake ni hizi: msemaji anaanza kugeuka kutazama skrini, sauti inapanda, anaanza kila sentensi kwa "kama mnavyoona hapa" wakati hapo hakuna tena. Mara nyingi anayefikia hali hiyo hakosi kasi. Ana maneno mengi.

Dawa yake huwekwa wakati wa kupanga. Chagueni slaidi tatu ambazo maneno yake hayazidi 15. Katika daraja letu ningechagua ya sita, ya 11 na ya 14, yaani mwisho wa kila fungu zito. Ukiwa na wakati, slaidi hizo zinakuwa vituo vya kupumzikia. Picha inakaa, watu wanaitazama, nawe unanyamaza. Ukiwa umechelewa, ndipo unapolipa deni. Na kama deni ni kubwa kuliko kituo, iacheni sentensi iliyobaki, mwende moja kwa moja kwenye sentensi ya kwanza ya slaidi iliyopo. Hakuna anayejua ulichokiruka. Ukiomba radhi, watajua wote.

Kuna jambo jingine la ufundi ambalo huwatenganisha wanaoimudu saa na wanaoburuzwa nayo, nalo ni mahali pa kuweka neno zito. Mgeni hulifunga wazo kila slaidi inapofungwa, kwa hiyo mazungumzo yake yana nukta kubwa ishirini, na sikio huchoka na mdundo huo mapema sana. Jaribuni kuiacha sentensi ivuke. Kwenye slaidi ya tano nasema, "Hatua zinazogonga chini wahandisi walikuwa wamezihesabu. Lakini daraja hili..." Slaidi inabadilika, mshale wa kando unatokea, nami namalizia, "...lilikwenda huku." Sauti imeuliza, picha imejibu. Ukilitaja jibu sekunde mbili kabla ya picha, picha inakuja kama mgeni aliyekuta wenyeji wameshakula; ukilitaja sekunde nne baadaye, watu wameshaliona na wewe unawasomea. Si lazima kila mvuko uwe hivi. Mivuko mitatu au minne inatosha, nayo iwe pale hadithi inapogeuka. Mtakapoizoea, mtaona kwamba saa, ambayo mlikuwa mkiiogopa, inawafanyia kazi ya mwenzenu wa jukwaani.

Kuhusu picha zenyewe nina maneno machache. Picha ya pecha kucha inatakiwa ieleweke kwa sekunde tatu ikitazamwa kutoka safu ya mwisho. Jedwali halieleweki kwa sekunde tatu. Grafu yenye mstari mmoja inaeleweka, yenye mistari minne haieleweki. Maandishi kwenye slaidi yakizidi maneno matano, watu watayasoma, na mtu anayesoma hakusikilizi. Kwa mtindo huu huna muda wa kumsubiri amalize. Kwa slaidi ya 14 mimi ningeandika namba 160 peke yake, kubwa, basi.

Mazoezi yafanyeni kwa awamu mbili zilizo kinyume. Kwanza, simulieni hadithi bila slaidi hata moja, mkiwa na saa ya simu tu, kwa sekunde 400. Penye kukwama hapo uzi umekatika, na hakuna picha itakayouunga. Pili, mwonyesheni mtu asiyejua mada hizo slaidi 20 bila ninyi kusema neno, kisha mwulize anadhani hadithi ni ya nini. Hatapata undani, lakini akiwaambia "ni habari za madaraja", picha zenu bado ni orodha. Akiwaambia "kuna daraja lilileta matatizo na watu wakatafuta sababu", mmefika. Baada ya hapo ndipo muwashe kengele ya simu kila sekunde 20 na kusoma kwa sauti, mkiweka alama kila mahali kengele ilipowakata.

Na katika kukata, kateni slaidi nzima kabla ya kukata maneno. Mtu aliyezidiwa huanza kupunguza kivumishi hapa, kiunganishi pale, mpaka sentensi zinakuwa kama ujumbe wa simu. Mara nyingi kilichozidi ni jambo zima, mshukiwa wa nne au mfano wa pili. Mtoe. Nafasi aliyoiacha impe fungu la chanzo.

Msikariri yote. Karirini sentensi ya kwanza ya kila slaidi, na ile mivuko mitatu au minne neno kwa neno. Yaliyo katikati yajueni, lakini msiyafunge kwa maneno yaleyale, kwa sababu aliyekariri kila neno akipoteza moja hupoteza na yaliyo nyuma yake, na saa haitamsubiri ayaokote.

Mwisho ni mashine. Kwenye PowerPoint, chagueni slaidi zote, mwende `Transitions`, muondoe alama kwenye `On Mouse Click`, muiweke kwenye `After`, na muandike `00:20.00`. Aina ya mpito iwe `None`. Madoido ya slaidi kufifia au kuteleza yanakula muda na yanaiharibu ile mivuko mliyoifanyia mazoezi. Baada ya slaidi ya 20 ongezeni moja nyeusi kabisa, kama waandaaji wanaruhusu, ili programu isiwarudishe kwenye ukurasa wa kuhariri mbele ya watu. Zipitisheni zote mara moja kwenye kompyuta ya ukumbini, kwa projekta ileile, mkiwa na saa mkononi, na muone kama slaidi ya mwisho inaondoka kwenye dakika ya 6 na sekunde 40. Faili lililohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine huweza kupoteza muda uliowekwa, likakaa kwenye slaidi ya kwanza likimngoja mtu abonyeze.

Maneno ya slaidi ya 20 yaishe sekunde tano kabla ya slaidi yenyewe. Msizijaze hizo tano.

Nimemaliza upande wangu. Karatasi zipo hapo mezani, kila mmoja achukue moja na kuandika swali lake kwa sentensi moja, bila jibu kwanza. Nitapita kuyasoma, na tutaanza na yale ambayo bado ni mada.